Sura ya Tano Isiseme Ambacho Sura ya Nne Haikukiona

Wanangu, mkipewa sura ya mjadala ya tasnifu muipitie kabla haijafika kwa mtahini, msikubali kuipokea peke yake. Mwambieni mwenye kazi alete na sura ya pili, ya tatu na ya nne, hata akiwaambia kwamba hizo zimekwisha kupita kwa msimamizi. Mjadala ukisomwa peke yake karibu kila mara unaridhisha. Lugha inakwenda vizuri, hoja zinafuatana, hitimisho linakuja pale unapolitazamia. Kasoro zake hazionekani humo ndani. Zinaonekana pale tu unapouweka kando ya sura zilizoutangulia na kuuliza kila sentensi imetoka wapi.

Nimekaa miaka mingi upande wa watahini, na nimeona vijana hodari wakirudishwa kwenye masahihisho makubwa kwa mambo yaleyale matatu: matokeo yametiwa chumvi, mipaka ya utafiti imefumbiwa macho, na waliotangulia kuandika wameachwa sura ya pili wasitajwe tena. Kwenye fomu za watahini mambo haya huandikwa kama kasoro tatu mbalimbali. Mimi naona yanazaana. Aliyewaacha waliomtangulia hana wa kumpinga, na asiyekuwa na wa kumpinga hutia chumvi. Akishatia chumvi, hawezi tena kuitazama mipaka ya kazi yake, maana akiisema kwa ukweli ile sentensi yake kubwa inaanguka. Kwa hiyo ukiikuta kasoro moja, zitafute na mbili zilizobaki, utazikuta karibu.

Nitawaonyesha kwa tasnifu moja ya uzamili kuhusu VICOBA na kipato cha kaya. Tasnifu hiyo nimeiunda mwenyewe kutokana na mambo niliyoyakuta katika kazi nyingi, na namba zake ni za mfano, nisije nikamwanika mtoto wa mtu. Tafiti za wengine nitakazozitaja ndizo za kweli. Mada nimeichagua kwa sababu vijana wetu wanaiandikia sana, na kwa sababu waliotangulia wametuachia mengi ya kusoma. Mtindo huu wa vikundi vya kuweka na kukopa ulianzia Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, ukaenea nchi nyingi za Afrika, ukafika kwetu, na leo vikundi hivi vina mahali pake katika Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018.

Mwanafunzi wetu alihoji kaya 120 za wanachama na kaya 60 za wasio wanachama, katika kata mbili za wilaya moja. Sura ya nne, kwenye Jedwali la 4.2, inaonyesha kwamba wastani wa kipato cha mwezi kwa wanachama ni shilingi 310,000, na kwa wasio wanachama ni shilingi 240,000. Tofauti ni shilingi 70,000, na thamani ya p ni 0.03. Kisha sura ya tano inafungua hivi: "Utafiti huu umethibitisha kwamba kujiunga na VICOBA kunaongeza kipato cha kaya kwa asilimia 29, na hivyo VICOBA ni suluhisho la umaskini vijijini Tanzania."

Chukua kalamu, ipigie mstari kila neno linalodai kitu. Utapiga mstari chini ya "umethibitisha", "kunaongeza", "asilimia 29", "suluhisho la umaskini" na "Tanzania". Sasa kwa kila neno, andika pembeni namba ya jedwali linalolibeba. Ukikosa jedwali, weka alama ya kuuliza. Kazi hii ni ya mikono, nayo inachosha, lakini ndiyo itakayokuonyesha mahali ambapo macho yako yaliteleza kwa sababu sentensi ilikuwa nzuri.

Anza na lililo rahisi, asilimia 29. Hesabu yenyewe ni sahihi, maana 70,000 juu ya 240,000 inakaribia 29. Lakini ile 0.03 inatuambia kitu kingine ambacho mwandishi hakukisema. Kwa sampuli ya ukubwa huu, tofauti ya 70,000 yenye p ya 0.03 inamaanisha kwamba tofauti halisi katika jamii ile inaweza kuwa popote kati ya shilingi 7,000 na 133,000 hivi. Yaani asilimia 3 au asilimia 55, na yote mawili yanapatana na takwimu zake. Aliyeandika "asilimia 29" bila kutaja upana huo amempa msomaji uhakika ambao yeye mwenyewe hakuwa nao. Mwambie aiagize SPSS impe mipaka ya uhakika ya asilimia 95 na aiandike kwenye mjadala. Vijana wengi huiacha kwenye matokeo ya kompyuta, wakachukua p peke yake kwa sababu iko chini ya 0.05, wakadhani kazi imekwisha. P ndogo inasema tu kwamba tofauti kama ile isingetarajiwa sana kama makundi yale mawili yangekuwa sawa kabisa. Haisemi tofauti ni kubwa, wala haisemi imeletwa na nini.

Na hapo ndipo tunafika kwenye "kunaongeza", neno ambalo mimi hulitafuta kwanza katika mjadala wowote. Jiulize nani anaingia VICOBA. Kila wiki mwanachama ananunua hisa, na akikosa kununua mara kwa mara wenzake wanaanza kumtazama vibaya. Mtu ambaye hana hata elfu mbili ya uhakika kila wiki haingii, au akitaka kuingia wenzake wanamkwepa kwa kuogopa kwamba mkopo hautarudi. Mwenye genge, mwenye cherehani, mke wa mwalimu, hao wanaingia siku ya kwanza. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba wanachama walikuwa na kipato kikubwa kuliko majirani zao tangu kabla kikundi hakijazaliwa. Ukiwapima leo ukakuta wana zaidi, hujapima kikundi kimefanya nini. Umepima ni nani alijiunga.

Jambo hili si geni hata kidogo. Brett Coleman aliliandikia mwaka 1999, akichunguza benki za vijiji kaskazini-mashariki mwa Thailand. Alichofanya ni kuwatafuta watu waliokwisha kujiandikisha katika vijiji ambavyo benki ilikuwa bado haijaanza kukopesha, akawalinganisha na wanachama wa vijiji vilivyokuwa vimeanza. Wote ni watu waliotaka kujiunga. Tofauti yao ni kwamba hawa wamepata na wale bado. Alipolinganisha hivyo, faida iliyokuwa ikionekana kwa ulinganisho wa kawaida ilipungua sana. Mwanafunzi wetu amemtaja Coleman sura ya pili, ukurasa wa kumi na nane. Sura ya tano hamtaji. Angemrudia, asingeweza kuandika "kunaongeza" bila mkono kusita.

Sasa fungua sura ya nne, ukurasa baada ya ukurasa, utafute jedwali ambalo mjadala haukuligusa. Wanangu, hili nawasisitizia kuliko mengine. Katika tasnifu nyingi kuna jedwali yatima: limepangwa vizuri, limepewa namba, kisha halisemwi tena popote. Kwa mwanafunzi wetu ni Jedwali la 4.9. Hapo amefanya regresheni, akaingiza elimu ya mkuu wa kaya, ukubwa wa shamba, na kama kaya ilikuwa na biashara kabla ya mwaka wa kujiunga. Tofauti kati ya wanachama na wasio wanachama imeshuka kutoka shilingi 70,000 hadi 38,000, na p imepanda hadi 0.21. Takwimu zake zenyewe zimemwambia kwamba karibu nusu ya tofauti inaelezwa na mambo yaliyokuwepo kabla, na kwamba iliyobaki haitofautiki na bahati ya sampuli. Lakini mjadala umeshika ile 70,000 ghafi, ukaiacha hii.

Usimdhanie uongo upesi. Mara nyingi mwanafunzi wa namna hii alifanya regresheni kwa sababu msimamizi alimwagiza, akaiweka kwenye sura, kisha akaandika mjadala akiwa na jedwali la kwanza kichwani kwa sababu ndilo lililomfurahisha. Lakini mtahini hatajali ilitokea vipi. Atafungua 4.9 mbele ya jopo na kuuliza ni kwa nini halimo sura ya tano, na hapo kijana hana pa kushika.

Neno "Tanzania" halihitaji maneno mengi: kata mbili za wilaya moja, zilizochaguliwa kwa sababu zinafikika, haziwezi kusemea nchi nzima. Aandike kata hizo. "Suluhisho la umaskini" nalo hakulipima popote; alipima kipato cha mwezi mmoja.

Tuje kwenye mipaka ya utafiti. Mwanafunzi wetu ameiwekea kichwa cha habari chake, aya moja, mwisho wa sura. Anasema muda ulikuwa mfupi, fedha hazikutosha, baadhi ya wahojiwa walikuwa shambani, na mvua iliharibu barabara. Nimesoma aya hii mara nyingi mno, kila mara kwa mkono wa mtu mwingine. Hizo ni taabu za safari. Msomaji anakuonea huruma, lakini hapati kujua aamini nini na asiamini nini. Mpaka wa utafiti ni kitu kinachogusa jibu: kinalipandisha, kinalishusha, au kinalifanya lisiwahusu watu fulani.

Mipaka ya kweli huwa imejificha sura ya tatu, na mwandishi mwenyewe ndiye aliyeiandika bila kujua. Isome tena sura hiyo ukiuliza swali moja kwa kila uamuzi: nani au nini kimebaki nje kwa sababu ya hili? Mwanafunzi wetu anaeleza kwamba afisa maendeleo ya jamii alimpa orodha ya vikundi vyenye umri wa miaka mitatu na zaidi, na kwamba wahojiwa waliteuliwa kutoka kwenye daftari la wanachama. Sasa tazama waliobaki nje. Vikundi vilivyovunjika mwaka wa kwanza, mweka hazina akatoroka na sanduku, havimo. Wanachama waliojitoa kwa kushindwa kulipa, hata waliouza mbuzi kufidia deni, hawamo, maana majina yao yamekatwa daftarini. Waliobaki ni wale ambao kikundi kiliwafaa. Kuwahoji hao peke yao ni kama kwenda hospitali kuwauliza waliopona dawa ilifanya kazi au haikufanya. Mpaka huu unasukuma jibu upande mmoja, juu, na mwandishi anapaswa kusema hivyo waziwazi.

Uko mwingine uliojificha zaidi, nao niliupata kwa kuweka hojaji kando ya tarehe. Sura ya tatu inasema mahojiano yalifanyika Januari. Hojaji iko kwenye kiambatisho, na swali la 17 linauliza: "Mwezi uliopita kaya yako iliingiza jumla ya shilingi ngapi?" Mwezi uliopita ni Desemba. Na vikundi vingi hufunga mzunguko Desemba, watu wakagawana akiba na faida, wapate ada za shule za Januari na matumizi ya sikukuu. Kwa hiyo mwanachama aliyepokea mgao wa mwaka mzima Desemba, akaulizwa Januari mwezi uliopita uliingiza kiasi gani, amehesabu akiba yake mwenyewe kama kipato. Jirani asiye mwanachama hana mgao wa kuhesabu. Tofauti ya 70,000 inaweza kuwa imebeba ndani yake fedha ambazo mwanachama alijinyima wiki kwa wiki tangu Januari iliyotangulia.

Bahati njema hojaji hiyohiyo ina safu ya vyanzo vya fedha. Mwanafunzi akirudi kwenye takwimu zake ataona wahojiwa 30 walitaja mgao, kwa wastani wa shilingi 116,000 kila mmoja. Ukizitoa hizo na kugawanya kwa wanachama wote 120, wastani wao unashuka kwa shilingi 29,000, na tofauti ghafi inabaki 41,000. Hiyo ni kazi ya jioni moja. Kabla hujamwandikia mtu kwamba utafiti wake una kasoro, angalia kama kasoro hiyo inaweza kupimwa au kurekebishwa kwa takwimu alizonazo. Mpaka uliopimwa una thamani kubwa kuliko mpaka uliokiriwa kwa mdomo.

Mwambieni pia aondoe kile kichwa cha habari cha mwisho wa sura, au akiache kwa sababu chuo kinakitaka, lakini mpaka wenyewe aupeleke pale unapogusa dai. Akisema kipato cha wanachama kilikuwa juu, sentensi inayofuata iseme kuhusu mgao wa Desemba. Msomaji asisubiri kurasa kumi na mbili ndipo aambiwe kwamba alichoamini kina tundu.

Nimeacha waliotangulia mwisho, ingawa kwangu ndio dawa ya hayo mengine. Mwanafunzi wetu ana sentensi moja ya kuwakumbuka: "Matokeo haya yanakubaliana na tafiti nyingine," ikifuatwa na majina manne kwenye mabano. Huko si kujadiliana na mtu. Mwulizeni yanakubaliana katika lipi, na wale walipima nini, kwa nani, kwa muda gani.

Wawili kati ya wale wanne, ukiwafungua, hawasemi kitu kimoja. Christopher Ksoll na wenzake walichapisha mwaka 2016 utafiti wa vikundi vya kuweka na kukopa kaskazini mwa Malawi. Vijiji viligawanywa kwa kura, vingine vikaanza mapema na vingine vikasubiri, kwa hiyo lile tatizo la nani anajiunga lilidhibitiwa tangu mwanzo. Baada ya miaka miwili waliona idadi ya milo kwa siku imeongezeka, na matumizi ya kaya, na hata vyumba vya nyumba. Mwaka uliofuata, 2017, Dean Karlan, Christopher Udry na wenzao walichapisha utafiti mkubwa zaidi wa Ghana, Malawi na Uganda, nao pia kwa kura. Walikuta biashara za kaya zimeimarika na wanawake wamepata sauti zaidi, lakini hawakuona mabadiliko katika wastani wa matumizi ya kaya. Miaka miwili kabla yao, mwaka 2015, zilichapishwa pamoja tafiti sita za mikopo midogo kutoka Bosnia, Ethiopia, India, Mexico, Mongolia na Morocco, na waliozikusanya wakasema faida ipo lakini ni ya wastani, haigeuzi maisha ya mtu.

Tazama sasa mwanafunzi wetu amesimama wapi. Wanaopima kwa kura wanabishana kama matumizi ya kaya yanapanda kidogo au hayapandi. Yeye, kwa ulinganisho wa mara moja, analeta asilimia 29. Hili lilipaswa kumshtua. Namba inayowazidi wote waliopima kwa njia iliyo imara kuliko yako inaweza kuwa kweli, lakini kwanza inakuambia urudi ukaangalie ulivyopima. Na hivyo ndivyo maandishi yanavyofanya kazi katika mjadala: angeweka jibu lake kando ya Karlan, angejiuliza kwa nini limezidi, na swali hilo lingempeleka moja kwa moja kwenye daftari la wanachama na mgao wa Desemba. Mipaka angeigundua mwenyewe kabla ya mtahini.

Baada ya marekebisho, aya yake ingesomeka hivi: "Katika kata hizi mbili, kaya za wanachama ziliripoti kipato kilichozidi cha majirani wasio wanachama kwa wastani wa shilingi 70,000, lakini shilingi 29,000 kati ya hizo ni mgao wa Desemba. Tofauti ghafi ilipungua karibu nusu tulipozingatia elimu, shamba na biashara ya awali, na iliyobaki haikuwa ya uhakika (Jedwali la 4.9). Kwa kuwa waliojitoa na vikundi vilivyovunjika hawakuhojiwa, hata tofauti hiyo huenda imekuzwa. Matokeo haya hayatoshi kuonyesha kwamba VICOBA huongeza kipato. Yako karibu zaidi na ya Karlan na wenzake, ambao hawakuona mabadiliko katika wastani wa matumizi, kuliko ya Ksoll na wenzake walioona matumizi yameongezeka." Hakuna neno kubwa hapo, na mtahini hana pa kuitoboa.

Kijana akisoma aya hiyo anaweza kulia kwamba tasnifu yake imebaki tupu. Ninyi mnaopitia mna wajibu hapa, maana wapo wanaojua kubomoa tu. Rudi sura ya nne ukatafute kile ambacho sentensi kubwa ilikifunika. Jedwali la 4.12 linahusu kaya zilizopatwa na ugonjwa mkubwa ndani ya mwaka. Kati ya kaya 48 za wanachama zilizouguliwa, 7 ziliuza mahindi yakiwa bado shambani ili kupata fedha za matibabu. Kati ya kaya 25 za wasio wanachama, ziliuza 11. Asilimia 15 kwa 44. Kuuza mahindi shambani ni hasara kubwa, kila anayeishi kijijini anaijua, maana mnunuzi anakuja na bei yake na wewe huna la kusema. Mwandishi aliipa mstari mmoja.

Hapo ndipo penye habari ya tasnifu hii. Na hapo pia yuko wa kuzungumza naye: William Jack na Tavneet Suri, mwaka 2014, walionyesha kwamba nchini Kenya kaya zisizotumia M-Pesa zikipatwa na msiba matumizi yao yanashuka kwa asilimia 7, na za wanaotumia hazishuki, kwa sababu ndugu wanatuma fedha. Mwanafunzi wetu angeweza kuuliza kama mfuko wa jamii wa kikundi unafanya kazi ya namna hiyo pale ambapo hakuna ndugu wa kutuma. Swali la nani anajiunga bado lipo, na lisemwe. Mwenye genge huenda asingeuza mahindi hata bila kikundi. Lakini sasa ana jambo lililo lake na wa kulijadili naye. Sura ya pili iliahidi kuziba pengo kuhusu kaya zisizo na msaada wa nje, na mjadala wa kwanza haukulirudia pengo hilo hata mara moja. Kumbe jibu lilikuwa 4.12.

Mkiandika maoni yenu, msiandike "umetia chumvi" pembeni mkaenda zenu. Kijana anayesoma hivyo ataongeza "huenda" na "labda" kila mstari, akidhani amejinusuru, na mjadala unageuka uji. Andikeni: sentensi hii inasimama juu ya Jedwali la 4.2, lakini 4.9 linaipinga, soma yote mawili kisha uandike upya. Tajeni ukurasa. Tajeni swali la hojaji. Akijibu kwamba msimamizi alikwisha kukubali sentensi ile, msibishane na msimamizi kupitia kwake. Mpeni swali lililoandikwa apeleke: mgao wa Desemba umehesabiwa kama kipato au haukuhesabiwa? Msimamizi mwenye kazi nyingi atashukuru kuliko kukasirika, na mkubwa wenu asionekane ameumbuliwa na vijana.

Msisahau mapendekezo yanayofuata mjadala. Yameandikwa wakati asilimia 29 ilikuwa bado hai. Mwanafunzi wetu anapendekeza halmashauri ipeleke vikundini mikopo yake yote ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ile inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Afisa wa wilaya anaweza kulisoma pendekezo hilo asisome Jedwali la 4.9. Kila pendekezo lipewe namba ya jedwali kama mlivyofanya kwa madai, na lisilo na jedwali liondoke.

Kisha fungueni ikisiri, ukurasa wa mbele kabisa. Iliandikwa mapema, na mara nyingi hakuna anayekumbuka kuirudia baada ya mjadala kusahihishwa. Someni mstari wake wa nne. Asilimia 29 bado ipo pale.